Dola Zilizokua, Shilingi Zilizosimama

Mapema Januari 2025 mpwa wangu, mwalimu wa shule ya upili hapa Mombasa, alinijia na simu mkononi na daftari kwapani. Kwenye simu kulikuwa na apu ya dalali anayeuza hisa za Marekani. Kulikuwa na mstari wa kijani unaopanda kama mnazi, na chini yake tarakimu: asilimia 23 juu. Kwenye daftari kulikuwa na hesabu aliyoifuta na kuiandika upya mara tatu.

“Mjomba,” akasema, “simu inaniambia nimepata asilimia ishirini na tatu. Nimepiga simu benki kuuliza wakinunua dola zangu leo nitapewa shilingi ngapi. Nikazidisha. Zinatoka pungufu ya zile nilizotoa. Nimeibiwa?”

Hakuna aliyemwibia. Apu ilisema kweli, na daftari lake pia lilisema kweli. Baina yao kuna kitu ambacho Wakenya wengi walioingia kwenye hisa za nje miaka ya karibuni wamekijua wakiwa wameshatia pesa: ukinunua hisa ya ng’ambo umenunua vitu viwili kwa mpigo. Umenunua hisa, na umenunua sarafu ya nchi ile. Kila kimoja kina bei yake na kinatembea kivyake, na mfuko wako wa nyumbani unahesabu vyote viwili.

Mwaka 2024 ulionyesha jambo hili waziwazi kuliko mwaka mwingine wowote ninaoukumbuka, kwa hiyo nitakaa nao.

Mwisho wa 2023 shilingi ya Kenya ilikuwa taabani. Serikali ilikuwa na deni la dola bilioni 2, hatifungani ya kimataifa iliyouzwa mwaka 2014, ambalo lilipaswa kulipwa Juni 2024, na masoko yalikuwa na shaka kama litalipwa. Aliyekuwa na dola aliikumbatia. Kwa kipimo cha Benki Kuu, mwaka ulifungwa dola moja ikiwa karibu shilingi 156.5, na mwezi Januari ikavuka 160. Watu walioona akiba zao zikiyeyuka walikimbilia dola, na mojawapo ya njia ilikuwa mifuko inayofuata S&P 500, yaani kipimo cha bei za hisa za kampuni kubwa 500 hivi za Marekani. Mpwa wangu alikuwa katika msafara huo. Alichukua shilingi 500,000 za akiba ya miaka minne, akanunua dola, akaingia.

Kisha upepo ukageuka. Mwanzoni mwa Februari Benki Kuu ilipandisha riba yake hadi asilimia 13. Siku chache baadaye Serikali iliuza hatifungani mpya ya dola bilioni 1.5 na kutumia fedha hizo kuanza kulipa lile deni la zamani. Mwezi huohuo ikauza nyumbani hatifungani ya miundombinu yenye riba ya zaidi ya asilimia 18, na wageni wakaleta dola zao ili wapate shilingi za kuinunulia. Hofu ilipoondoka, waliokuwa wamezificha dola walianza kuziuza. Kufikia mwisho wa Machi dola ilikuwa karibu shilingi 132. Mwaka ukafungwa ikiwa 129.3.

Sasa tupige hesabu polepole. Ili tusichanganyikiwe nitatumia bei za siku ya kufunga kila mwaka, na kwanza nitasahau ada na tofauti za benki.

Shilingi 500,000 ukizigawa kwa 156.5 unapata dola 3,195. S&P 500 ilifunga 2023 kwenye 4,769.83 na ikafunga 2024 kwenye 5,881.63. Hiyo ni nyongeza ya asilimia 23.3. Dola 3,195 zikawa dola 3,940. Mpaka hapo apu haijakosea hata senti. Zirudishe nyumbani kwa 129.3 na unapata shilingi 509,400 hivi. Faida ni shilingi 9,400, yaani kasoro kidogo ya asilimia 2.

Asilimia 23 imekuwa asilimia 2. Wengi wakifika hapa hutaka kujua zilizobaki zimekwenda wapi, na swali hilo lina jibu kamili mpaka shilingi ya mwisho.

Hisa zilizaa dola 745. Kama bei ya dola ingesimama palepale kwenye 156.5, faida hiyo ingekuwa shilingi 116,600. Lakini kila dola ilipoteza shilingi 27.20 ya thamani yake. Zile dola 3,195 za mtaji zikipoteza shilingi 27.20 kila moja, hapo zimeondoka shilingi 86,900. Watu wengi huishia hapo, na ndipo wanapokosea, kwa sababu zile dola 745 za faida nazo ni dola, na kila moja imepoteza 27.20 vilevile. Hapo zinaondoka shilingi 20,300 nyingine. Toa 86,900 na 20,300 kutoka 116,600, zinabaki 9,400.

Kipande hicho cha tatu, hasara ya sarafu juu ya faida ya hisa, ndicho kinachomharibia hesabu kila anayejumlisha na kutoa asilimia kichwani. Dola ilishuka asilimia 17.4 mbele ya shilingi. Ukichukua 23.3 ukatoa 17.4 unapata karibu 6, na utatembea ukijiambia umepata asilimia 6 ilhali mfukoni una 2. Asilimia za namna hii hazitolewi wala hazijumlishwi. Huzidishwa. Geuza kila badiliko liwe kizidisho: hisa zilizopanda asilimia 23.3 ni 1.233, na dola iliyoshuka kutoka 156.5 hadi 129.3 ni 129.3 gawanya kwa 156.5, yaani 0.826. Zidisha: 1.233 × 0.826 = 1.019. Ile 1 ni mtaji wako, na kinachozidi ndicho faida.

Kuna mtego mwingine hapohapo. Mwaka ule magazeti yalisema shilingi imepanda asilimia 21, na mimi nimesema dola imeshuka asilimia 17.4. Zote ni kweli na zote zinaeleza tukio moja. Ukihesabu kutoka upande wa shilingi unagawanya 156.5 kwa 129.3, na ukihesabu kutoka upande wa dola unageuza. Kwa mwenye hisa zilizoandikwa kwa dola, upande unaomhusu ni wa dola, kwa kuwa ndiyo anayoishika. Asichukue asilimia ya kichwa cha habari akaibandika kwenye hesabu yake bila kuuliza imehesabiwa kutoka upande gani.

Tukirudi kwa mpwa wangu, yeye hakuambulia hata hizo 9,400. Bei ninazozitaja za 156.5 na 129.3 ni bei za katikati, ambazo raia wa kawaida hauziwi wala hanunui kwazo. Benki ina bei mbili: ya kukuuzia dola, iliyo juu, na ya kununua dola zako, iliyo chini. Nilimwambia alete taarifa ya akaunti ya Desemba ile. Tuligawanya shilingi zilizokatwa kwa dola zilizomfikia dalali. Ikatoka 159. Na bei aliyopewa kwa simu asubuhi hiyo ya kununua dola zake ilikuwa 127.

Weka namba hizo mahali pa zile za katikati. Shilingi 500,000 kwa 159 ni dola 3,145. Zilipokua zikawa 3,878. Kwa 127 ni shilingi 492,500. Mwaka mzima wa soko la hisa lililopanda kwa karibu robo, na mwalimu anarudi nyumbani na upungufu wa shilingi 7,500. Kwa maoni yangu hili ndilo jambo ambalo madalali na benki wangepaswa kumweleza mteja kabla hajatia saini, kwa herufi kubwa kama zile wanazoandikia faida. Shilingi mbili na nusu wakati wa kwenda na shilingi mbili na ushei wakati wa kurudi zinaonekana ndogo mno kwenye ubao wa bei. Kwa mtaji wake zilikuwa karibu shilingi 17,000.

Kwa hiyo kiwango cha kutumia katika hesabu ni kile ulichokatwa wewe. Kile cha gazetini au cha tovuti ya Benki Kuu kinafaa kujua hali ya soko, lakini hakikuwahi kugusa pesa zako. Anayeweka kidogokidogo kila mwezi ana viwango kumi na viwili kwa mwaka, na kila fungu lina historia yake. Fungu la Januari 2024 lilinunuliwa dola ikiwa juu ya 160. Fungu la Julai lilinunuliwa ikiwa 129 hivi, nalo halikuonja kabisa kuporomoka kwa dola. Apu inazichanganya zote na kumwonyesha asilimia moja, ya dola.

Kuna namba moja ambayo ningependa kila mwenye hisa za nje aiandike pembeni ya daftari lake. Ni kiwango cha kurudisha mtaji: bei ya dola ambayo ukiuza hapo hupati wala hukosi. Kuipata ni rahisi. Chukua bei uliyonunulia dola, igawanye kwa kizidisho cha hisa zako. Kwa mpwa wangu ni 159 gawanya kwa 1.233, yaani shilingi 128.9. Benki ikinunua dola yake kwa zaidi ya hapo, ana faida. Ikinunua kwa chini ya hapo, ana hasara, hata mstari wa kijani upande vipi. Asubuhi ile benki ilisema 127, na jibu lilikuwa limeshapatikana kabla ya kuzidisha chochote. Namba hiyo hushuka kadiri hisa zinavyopanda, hivyo inafaa kuihesabu upya kila robo mwaka.

Mwisho wa Machi 2024, kwa mfano, S&P 500 ilikuwa imepanda asilimia 10 tangu mwaka uanze. Kwa bei za katikati, 156.5 gawanya kwa 1.10 ni kama 142. Dola ilikuwa 132. Mwenye apu alikuwa akiona asilimia 10 ya faida wakati akiba yake kwa shilingi ilikuwa imepungua kwa kama asilimia 7. Miezi mitatu ya kupanda kwa hisa ilikuwa haijafidia wiki chache za kushuka kwa dola. Ndivyo sarafu ilivyo: hisa za kampuni mia tano huhitaji mwaka mzuri kupanda kwa robo, ila bei ya dola ilibadilika kwa shilingi 25 kabla mvua za masika hazijakolea.

Haya yote yasimfanye mtu aseme kwamba hisa za nje ni mbaya kwa Mkenya. Mwenzake shuleni, aliyemtangulia mwaka mmoja, ana hadithi nyingine kabisa. Aliingia mwisho wa 2022, dola ikiwa 123.4. Mwaka 2023 S&P 500 ilipanda asilimia 24.2, karibu sawa na mwaka uliofuata, lakini safari hii dola nayo ilipanda hadi 156.5. Shilingi 500,000 zilinunua dola 4,052. Zikakua zikawa 5,034, na kwa 156.5 zikawa shilingi 787,800. Faida ya zaidi ya asilimia 57 katika mwaka mmoja. Huyu naye alijisifu kwamba ana jicho la hisa, wakati zaidi ya nusu ya faida ile ilitoka kwa shilingi kuanguka, pamoja na kile kipande cha tatu ambacho safari hii kilifanya kazi upande wake.

Hakuuza. Akabaki ndani mwaka 2024 wote. Baada ya miaka miwili dola zake zilikuwa 6,207, na kwa 129.3 ni shilingi 802,600. Itazame kwa makini: kwa dola alipata asilimia 53, kwa shilingi asilimia 60. Dola ilipaa, ikaporomoka, na ilipotulia ilikuwa imesogea kwa chini ya asilimia 5 kutoka alipoanzia. Faida yake ya miaka miwili ni ya hisa hasa. Faida ya mwaka wa kwanza ilimpumbaza kwa juu, na ya mwaka wa pili, ambayo kwa shilingi ilikuwa kama asilimia 2 tu, ingemkatisha tamaa bure.

Mpwa wangu hakuwa na bahati ya tarehe. Alinunua dola siku ambazo kila mtu alikuwa akizinunua, na bei ilikuwa na hofu ndani yake. Kilichomuuma zaidi ni kulinganisha na kilichokuwa hapa nyumbani. Mwanzoni mwa 2024 hati za Serikali za siku 364 zilikuwa zikilipa karibu asilimia 16. Ukitoa kodi ya asilimia 15 ya riba hiyo unabaki na asilimia 13.6, na shilingi 500,000 zingekuwa 568,000 bila kuvuka bahari. Hilo pia ni sehemu ya hesabu, ingawa hakuna apu itakayokuonyesha.

Kuna walionieleza kwamba wamelikwepa tatizo la dola kwa kununua mfuko uleule wa hisa za Marekani kwenye soko la London, unakouzwa kwa pauni. Hawajalikwepa. Mali iliyo ndani ya mfuko ni kampuni zilezile na bei zake huanzia kwenye dola. Dola ikishuka mbele ya shilingi, na pauni ikibaki ilivyo mbele ya shilingi, bei ya mfuko kwa pauni itashuka kwa sababu dola imeshuka mbele ya pauni. Sarafu iliyoandikwa kwenye kibandiko cha bei ni kipimo tu, kama kupima kitambaa kwa yadi badala ya mita.

Hata karibu zaidi nasi liko hilohilo. Hisa za KCB, benki ya Kenya, zimeorodheshwa pia kwenye soko la Dar es Salaam. Mtanzania anazinunua kwa shilingi ya Tanzania na huenda akajiona hajatoka nje ya nchi. Lakini bei yenyewe hutengenezwa Nairobi na gawio hutangazwa kwa shilingi ya Kenya. Anachokimiliki ni kampuni ya Kenya pamoja na shilingi ya Kenya. Tena hisa hizo huuzwa kwa nadra Dar, kwa hiyo bei ya ubaoni inaweza kukaa bila kusogea wakati Nairobi na kiwango cha ubadilishaji vimeshasogea. Akitaka kujua mali yake ina thamani gani, achukue bei ya Nairobi ya siku hiyo na kuizidisha kwa kiwango cha ubadilishaji.

Gawio nalo lina hesabu yake, ingawa ni dogo. Kampuni za S&P 500 hutoa gawio la asilimia moja na kitu kwa mwaka, na kwa kuwa Kenya haina mkataba wa kodi na Marekani, asilimia 30 hukatwa hukohuko kabla halijamfikia mwekezaji. Mpwa wangu alipata nyongeza ya dola thelathini na kitu, ambazo sikuzitia kwenye hesabu hapo juu. Ukizitia, upungufu wake unapungua kwa kama shilingi elfu nne na nusu.

Tulipomaliza akaniuliza swali ambalo nadhani lilipaswa kuwa la kwanza: “Sasa nihesabu kwa dola au kwa shilingi?”

Nikamwuliza pesa zile ni za nini. Akasema ni za kuezeka nyumba anayojenga Kilifi. Basi ni shilingi. Fundi analipwa shilingi, mabati na mbao zinanunuliwa kwa shilingi, na faida ya kwenye simu haitaezeka hata chumba kimoja mpaka ipite kwenye dirisha la benki. Kama angekuwa anaweka karo ya chuo cha Marekani kwa mwanawe, ningemwambia ahesabu kwa dola na ausahau mwaka 2024 kabisa, kwa sababu asilimia 23 yake ingekuwa imetimia kamili na karo ingelipwa kwa dola zilezile. Sarafu ya nyumbani ni ile utakayoitumia siku ya kutoa pesa, na si lazima iwe ya nchi unayolala.

Na hata shilingi yenyewe haikukaa mahali pamoja. Iliyoimarika mwaka ule ilinunua zaidi kidogo ya vitu vinavyotoka nje. Petroli Nairobi, iliyokuwa zaidi ya shilingi 210 kwa lita Desemba 2023, ilikuwa chini ya 180 Desemba iliyofuata, japo bei ya mafuta duniani nayo ilichangia. Hilo lilikuwa tulizo dogo kwake. Nauli ya kwenda Kilifi haikushuka.

Alirudi baada ya siku mbili. Alikuwa amepiga simu benki nyingine mbili, na moja ilikuwa tayari kununua dola zake kwa 128.2. Kwa dola 3,878, shilingi moja na senti ishirini zaidi ni shilingi 4,650. Aliuza nusu kwa ajili ya paa, akaacha nusu iliyobaki kwenye mfuko. Kwenye ukurasa mpya wa daftari alichora safu nne: tarehe, shilingi zilizokatwa, dola zilizofika, na kiwango kilichotokana nazo. Juu ya ukurasa, ndani ya duara la kalamu nyekundu aliyotoka nayo shuleni, akaandika 128.9.